Ofa ya wikendi Kisumu: maswali ya wageni kuhusu vyumba, kiamshakinywa na kuweka nafasi

Nyumba yetu ya wageni ina vyumba vinane tu, na iko upande wa jiji unaoelekea Dunga, karibu na ziwa. Kila wiki kuanzia Jumatatu simu za ofa ya wikendi huanza kuingia, na maswali ni yale yale. Majibu tunayowapa wageni kwenye simu ndiyo tuliyoyaandika hapa.

Ofa yenyewe ni nini?

Ni punguzo la bei kwa mgeni anayelala angalau usiku mbili mfululizo kati ya Ijumaa na Jumatatu. Unaweza kuingia Ijumaa ukatoka Jumapili, au kuingia Jumamosi ukatoka Jumatatu. Ukitaka usiku tatu zote, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, bei ya ofa inashika zote tatu. Anayelala usiku mmoja analipa bei ya kawaida.

Sababu ya sharti la usiku mbili si siri. Chumba kinacholalwa usiku mmoja na kinacholalwa usiku mbili vinafuliwa mashuka mara moja, vinasafishwa kikamilifu mara moja, na vyote vinamchukua mfanyakazi yule yule muda ule ule. Usiku wa pili unatugharimu kidogo, na tofauti hiyo ndiyo tunayomrudishia mgeni.

Bei za vyumba ni zipi?

Chumba cha mtu mmoja ni shilingi 2,300 kwa usiku badala ya 2,800. Chumba cha wawili chenye kitanda kikubwa ni 3,200 badala ya 3,800. Chumba cha vitanda viwili, ambacho hupendwa na ndugu au marafiki wanaosafiri pamoja, ni 3,400 badala ya 4,000. Chumba cha familia, chenye kitanda kikubwa na vitanda viwili vidogo, ni 5,000 badala ya 6,000.

Vya mtu mmoja tunavyo viwili, vya kitanda kikubwa vinne, cha vitanda viwili kimoja, na cha familia kimoja. Kwa hiyo ukitaka cha familia usingoje Alhamisi.

Hiyo bei ni ya kila mtu au ya chumba?

Ya chumba. Watu wawili wakilala chumba cha kitanda kikubwa wanalipa 3,200 kwa usiku mmoja, wao wote wawili pamoja, si 6,400. Kodi na tozo zote zimo ndani. Hatuongezi kitu siku ya kuondoka. Ukihitaji risiti ya eTIMS kwa ajili ya ofisi yako, tupe namba ya PIN ya kampuni unapoweka nafasi, tuiandae mapema.

Ukilala peke yako katika chumba cha wawili tunakukatia shilingi 400 kwa usiku, maana kiamshakinywa kitakuwa cha mtu mmoja. Tunaona si haki kukulipisha sahani ambayo hakuna wa kuila.

Watoto je?

Mtoto aliye chini ya miaka mitano analala na wazazi bila malipo, na chakula chake cha asubuhi ni bure. Kuanzia miaka mitano hadi kumi na mmoja tunaongeza godoro na chandarua chake kwa shilingi 700 kwa usiku, kiamshakinywa ndani. Wa miaka kumi na miwili na kuendelea anahesabiwa kama mtu mzima, na chumba cha kitanda kikubwa hakiwatoshi watu wazima watatu. Hapo tutakushauri uchukue cha familia.

Tuchukue mfano wa baba, mama, mtoto wa miaka mitatu na wa miaka minane wanaotoka Nakuru Ijumaa na kurudi Jumapili. Wengi wakiwa wanne hukimbilia kuomba chumba cha familia: 5,000 mara mbili, jumla 10,000. Lakini yule mdogo halipi, na wa miaka minane anahitaji godoro tu. Chumba cha kitanda kikubwa kwa usiku mbili ni 6,400, godoro 1,400, jumla 7,800. Wamebakiwa na 2,200, ambazo zinatosha kuwalisha samaki na kuwapandisha tuktuk. Chumba cha familia kina nafasi zaidi na mlango wake unafunguka kwenye nyasi, kwa hiyo kama watoto wako ni wa kurukaruka kina faida yake. Ila tunataka uchague ukijua hesabu zote mbili.

Nikipanda basi la usiku Ijumaa kutoka Nairobi, niweke nafasi ya usiku upi?

Hili ndilo swali linalowachanganya wageni kuliko yote, na ndilo linalotugombanisha nao tusipolieleza vizuri, kwa hiyo tutalikalia kidogo.

Basi likiondoka Nairobi saa tatu usiku wa Ijumaa, hukufikisha Kisumu alfajiri ya Jumamosi. Mgeni husema, "Mimi nafika Jumamosi, niandikie Jumamosi." Ni kweli anafika Jumamosi. Lakini chumba cha Jumamosi kinafunguliwa saa nane mchana, kwa sababu aliyelala humo Ijumaa ana haki ya kukaa mpaka saa sita mchana, kisha tunahitaji saa mbili za kufua, kupiga deki na kutandika. Mgeni wa alfajiri anajikuta ameketi mapokezi na begi lake kwa saa tisa. Amechoka, watoto wamelala kwenye viti, na kitanda alicholipia kiko karibu lakini kina mtu.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuweka nafasi ya Ijumaa na Jumamosi, ingawa Ijumaa yenyewe uko njiani. Chumba kinakungoja kikiwa kimetandikwa, unafika alfajiri unaingia moja kwa moja kitandani, na unatoka Jumapili saa sita mchana. Kwa watu wawili katika chumba cha kitanda kikubwa ni 6,400, na unakula kiamshakinywa cha Jumamosi na cha Jumapili.

Ya pili ni kuweka Jumamosi na Jumapili. Bei ni ile ile 6,400, lakini unaondoka Jumatatu na chumba unakipata Jumamosi saa nane. Inamfaa asiye na haraka ya kazini Jumatatu, na ambaye ana ndugu mjini wa kupumzika kwake asubuhi ile.

Ya tatu ni kuweka Jumamosi peke yake kwa bei ya kawaida, 3,800, na kuomba kuingia mapema. Tukiwa na chumba ambacho hakikulalwa Ijumaa tutakufungulia alfajiri kwa nyongeza ya shilingi 800. Jumla ni 4,600. Ugumu ni kwamba hatuwezi kukuahidi mapema: tunajua Ijumaa saa nne usiku, na wakati huo wewe uko barabarani. Tutakutumia ujumbe, lakini jibu linaweza kuwa hapana.

Tofauti kati ya njia ya kwanza na ya tatu ni 1,800, na humo umo kiamshakinywa cha watu wawili Jumamosi ambacho ungekinunua kwa 400 kila mmoja. Kwa hiyo kinachobaki, 1,000, ndiyo bei ya uhakika wa kitanda. Ukisafiri na watoto wadogo au mzazi mzee, ushauri wetu ni njia ya kwanza. Kijana anayesafiri peke yake anaweza kujaribu ya tatu. Begi lake tunamtunzia bure, bafu la nje lipo wazi kwa ajili yake, na chai hatumnyimi.

Kwa nini mnasisitiza tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka?

Kwa sababu maneno ya siku yana tafsiri mbili kwetu sisi wenyewe. Mgeni mmoja wa Mombasa alipiga simu akaomba chumba "usiku wa Jumamosi". Sisi tukaandika Jumamosi. Yeye, kama walivyozoea watu wa Pwani, siku yake ilianza jua lilipotua Ijumaa, na usiku wa Jumamosi ulikuwa ule wa kuamkia Jumamosi. Alifika Ijumaa jioni na nyumba imejaa. Hakukosea, na sisi pia hatukukosea. Tulimtafutia mahali kwa jirani, na tangu hapo hatuandiki jina la siku bila tarehe mbili. "Kuingia tarehe 7, kutoka tarehe 9" haina ubishi: ni usiku mbili, na kiamshakinywa ni cha tarehe 8 na 9.

Saa nazo zina mtego wake. Dada mmoja aliyekuwa anakuja na basi alituandikia kwamba atafika "saa 3 asubuhi". Tulimtarajia saa tatu, watu wakiwa mezani wanakula. Yeye alikuwa ameitafsiri saa ya simu yake, inayosoma 3:00 ikiwa kwetu ni saa tisa usiku. Alisimama langoni gizani, na askari wa lango, ambaye hakuwa na jina lake kwenye karatasi, alichelewa kumfungulia. Jambo lile lilituuma sana, maana mwanamke peke yake barabarani saa tisa usiku si mzaha. Siku hizi tunakuuliza mambo mawili: basi lako linaondoka saa ngapi, na utafika alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Na jina la kila anayetarajiwa liko kwenye karatasi ya askari kabla jua halijatua.

Kiamshakinywa kina nini, na kinaandaliwa saa ngapi?

Kinaanza saa moja asubuhi mpaka saa nne. Mezani utakuta chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi, na chai ya rangi kwa anayeitaka. Uji wa wimbi upo kila siku, mzito kiasi, na ndimu imewekwa kando ili kila mtu akamue apendavyo. Jumamosi tunapika mandazi na viazi vitamu, Jumapili chapati na nduma. Mayai yanakaangwa au kuchemshwa unapoketi, mawili kwa kila mtu. Matunda ni ya msimu, mara nyingi papai na ndizi, na embe likiwepo sokoni huwa tunaongeza.

Kiamshakinywa hufuata usiku uliolalwa. Usiku wa Ijumaa unakupa cha Jumamosi, na usiku wa Jumamosi unakupa cha Jumapili. Mgeni anayeingia Jumamosi mchana mara nyingine hudai sahani mbili kwa usiku mmoja, na si kwa ubaya, ila hakuelezwa. Rafiki yako asiyelala hapa anakaribishwa mezani kwa shilingi 400.

Kama huli mayai, una kisukari, au maziwa yanakusumbua, tuambie unapoweka nafasi, si unapoketi. Mpishi wetu hununua vitu Ijumaa asubuhi, na uji bila sukari au chai bila maziwa ni rahisi sana kuandaa kama sufuria halijachanganywa. Mwezi wa Ramadhani anayefunga anaandaliwa daku badala ya chakula cha asubuhi, bei ile ile, na tunamgongea mlango saa anayotaka.

Tukitaka kwenda ziwani alfajiri, tutakosa kiamshakinywa?

Hapana. Tuambie usiku kabla ya saa tatu, tutawafungia: mandazi au chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, na chupa ya chai ambayo mtairudisha. Vyote vinakuwa tayari saa kumi na moja na nusu.

Na kwa kweli, kama mnataka kupanda mashua, alfajiri ndiyo saa yake. Nchi kavu hupoa usiku na upepo huvuma taratibu kuelekea majini, ziwa likatulia. Jua likishapanda ardhi hupata joto kuliko maji, upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani, na kufikia alasiri mawimbi huwa yameinuka. Mvua kubwa za Kisumu nazo hupenda kuja mchana ukielekea jioni. Waliokwenda saa kumi na mbili asubuhi hurudi wakisimulia ndege na viboko. Waliokwenda saa tisa alasiri wengine hurudi wamelowa. Mashua hazimo katika ofa na hatuchukui chochote kwa kuwaelekeza. Mtapatana bei na wenye mashua pale ufukweni Dunga, na msipande kabla kila mmoja, mtoto na mkubwa, hajavaa jaketi la kuokolea maisha. Na viboko waangaliwe kwa mbali.

Chakula cha mchana na cha usiku kimo?

Hakimo. Ofa ni kitanda na kiamshakinywa. Ukitaka kula hapa usiku, agiza kabla ya saa sita mchana ili samaki anunuliwe siku hiyo hiyo: ngege mzima wa kukaanga au wa mchuzi, ugali, na mboga kama sukuma, managu au mrenda. Bei tunakutajia siku hiyo kwa sababu samaki hana bei moja, na ngege wa ukubwa wa sahani anaweza kupanda ghafla siku ambazo wavuvi wamerudi na kidogo. Hatutaki kuandika bei hapa kisha tukuletee samaki mdogo ili hesabu yetu ikae sawa.

Naweka nafasi vipi?

Piga simu au tuma ujumbe wa wasapu kwa namba ya mapokezi iliyo juu ya ukurasa huu. Simu inapokelewa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Ujumbe wako uwe na jina, tarehe ya kuingia na ya kutoka, idadi ya watu na umri wa watoto, aina ya chumba, na saa utakayofika. Mfano:

"Naomba chumba cha kitanda kikubwa, kuingia tarehe 7, kutoka tarehe 9. Watu wazima wawili, watoto miaka 3 na 8. Tunatoka Nakuru Ijumaa mchana, tutafika jioni. Mtoto wa miaka 8 hali mayai."

Kwa ujumbe kama huo tunakujibu mara moja tukiwa na jumla yote. Ujumbe wa "Kuna nafasi?" unatulazimu kuulizana maswali sita, na katikati ya maswali hayo chumba huweza kuchukuliwa na mwingine.

Nafasi inahesabika imewekwa ukishalipa nusu ya jumla. Kwa ile familia ya Nakuru nusu ni 3,900, na 3,900 nyingine wanalipa wakifika. Ukishalipa tunakutumia ujumbe wenye jina lako, tarehe, chumba, kiasi ulicholipa na kilichobaki. Usipoupata ndani ya saa moja, piga simu, usinyamaze.

Nitajuaje kwamba ninayemlipa ni ninyi kweli?

Swali hili lilianza baada ya mzee mmoja kufika na mkewe Jumamosi jioni wakiwa na ujumbe wa malipo kwenye simu, na sisi hatuna habari zao. Mtu alikuwa amechukua picha za vyumba vyetu, akaziweka mtandaoni na namba yake, akawaambia bei iliyo chini kuliko yetu na kuwahimiza watume pesa haraka kabla chumba hakijachukuliwa. Hatukuweza kuwarudishia pesa ambazo hazikutufikia. Tuliwapa chumba kilichokuwa wazi kwa bei ya ofa, lakini walikuwa wamelipa mara mbili, na inatusikitisha mpaka leo.

Sisi hupokea malipo kwa Lipa na M-Pesa, kupitia namba ya tili iliyo juu ya ukurasa huu pamoja na namba ya mapokezi. Hatumwombi mgeni atume pesa kwa namba ya simu ya mtu, hata iwe ya meneja. Tazama ujumbe wa M-Pesa unaorudi baada ya kulipa. Ukilipa kwa tili utaona maneno `paid to` yakifuatwa na jina la biashara. Ukiona `sent to` na jina la mtu na namba yake ya simu, umetuma kwa mtu binafsi, na huyo si sisi. Hapo usingoje: sambaza ujumbe ule ule wa M-Pesa kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe. Ukiwahi kabla hazijatolewa una nafasi nzuri. Ukichelewa zitakuwa zimeshatolewa.

Kabla ya kulipa, njia rahisi zaidi ni kupiga simu ya kawaida kwa namba ya mapokezi na kuuliza kama jina lako limeandikwa. Tapeli hupenda ujumbe kuliko sauti.

Nikiahirisha safari?

Ukitujulisha kabla ya Jumatano saa kumi na mbili jioni ya wiki ile ile, tunakurudishia ulicholipa chote, ukitoa ada ya M-Pesa ya kukirudisha. Kuanzia hapo hadi siku ya kuingia haturudishi, lakini pesa zako zinahamia wikendi nyingine ndani ya miezi mitatu. Asiyefika na asiyetoa taarifa hupoteza alicholipa.

Mpaka uko Jumatano kwa sababu Alhamisi ndiyo siku tunayowaambia wengine kwamba tumejaa. Mgeni akijiondoa Jumanne, yule wa Alhamisi anapata chumba. Akijiondoa Ijumaa, wa Alhamisi ameshakwenda kwingine na kitanda kinalala kitupu. Msiba na ugonjwa ni jambo jingine. Tupigie, tutazungumza kama watu.

Kuna wikendi ambazo ofa haifanyi kazi?

Zipo. Pasaka, wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya, na wikendi ambazo Madaraka ya tarehe 1 Juni, Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba au Jamhuri ya tarehe 12 Desemba imeangukia Ijumaa au Jumatatu. Pia siku jiji linapopokea mkutano mkubwa. Madaraka ya 2021 iliyofanyika Uwanja wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo, na mkutano wa Africities wa Mei 2022, vilitufundisha kwamba siku kama hizo tungepunguza bei bure na bado tungewafukuza watu. Siku hizo bei ni ya kawaida, lakini hatuipandishi juu yake.

Chandarua, maji moto, umeme?

Kila kitanda kina chandarua kilichotiwa dawa, na tunakusihi ukishushe hata kama hujaona mbu, kwa sababu huku kando ya ziwa malaria ipo mwaka mzima. Ukitoka Nairobi au Nakuru na mtoto mdogo, zungumza na daktari wako kabla ya safari. Feni ipo kila chumba, kiyoyozi hatuna.

Maji moto hutoka kwenye shawa ya umeme. Umeme ukikatika shawa hupoa, na hilo hutokea. Taa za sola hubaki zikiwaka vyumbani na njiani, na jikoni tutakuchemshia ndoo ya maji. Feni haziendi na sola yetu, kwa hiyo usiku wa joto bila umeme utalisikia joto la Kisumu. Tumeona afadhali ulijue ukiwa bado nyumbani.

Wageni wanatakiwa kuja na nini?

Kitambulisho cha kila mtu mzima, au pasipoti kwa asiye Mkenya. Cheti cha ndoa hatuulizi. Gari linaegeshwa ndani ya lango bila malipo, nafasi ni za magari matano.

Basi letu la kurudi ni Jumapili usiku. Tutakaa wapi baada ya saa sita mchana?

Mabegi yanabaki kwenye stoo ya mapokezi, yakiwa na jina na namba ya chumba, mpaka saa tatu usiku. Bustani na bafu la nje ni vyenu, kwa hiyo mnaweza kwenda mjini au Dunga, mkarudi kuoga kabla ya safari. Kama chumba hakina mgeni mwingine Jumapili, unaweza kubaki nacho hadi saa kumi na mbili jioni kwa shilingi 1,000. Tuulize Jumapili hiyo wakati wa kiamshakinywa, kwa kuwa saa hiyo ndipo tunajua nani anaingia. Tuktuk tunaweza kukuitia langoni, ila patana nauli na dereva kabla ya kupakia mizigo, na uondoke nusu saa kabla ya muda ulioandikwa kwenye tiketi.